Bei Ikigoma: Kubalianeni Kipimo Kabla ya Namba

Dada mmoja na mdogo wake wa kiume walirithi nyumba, nusu kwa nusu. Dada anaishi humo na wanawe. Mdogo wake anakaa mbali na anataka fedha yake. Walikuwa wamekubaliana jambo moja tu, kwamba dada amnunue mwenzake, na kwenye bei ndipo walipokwama. Kaka alisema nyumba ina thamani ya milioni 120, kwa hiyo apewe 60. Dada alisema haizidi milioni 80, kwa hiyo atatoa 40. (Sarafu siitaji, hesabu haibadiliki.) Walipofika ofisini kwetu kuomba uthamini, walikuwa wamevutana miezi saba.

Ndugu na jamaa walishawashauri wakutane katikati, kwenye 50. Ushauri huo unasikika wa haki, ila una kasoro. Katikati inategemea kila mtu alianzia wapi. Kama kaka angefungua kwa 80 badala ya 60, katikati ingekuwa 60, na nyumba ingebaki ile ile, na paa lile lile. Anayekubali kugawana tofauti bila kuuliza namba zimetoka wapi anamzawadia aliyetia chumvi zaidi.

Swali linalofungua mkwamo wa namna hii ni fupi, nami niliwauliza wote wawili mezani: "Umeipataje hiyo bei?"

Kaka alitoa simu na kunionyesha tangazo la nyumba ya mtaa huo huo, vyumba vilevile, milioni 120. Dada alitoa karatasi ya mnada: nyumba ya jirani wa nyuma ilikuwa imeuzwa kwa 75. "Dada, hiyo ya mnada ni ya mtu aliyeshindwa mkopo," kaka akasema. "Na yako wewe," dada akajibu, "imekaa kwenye tangazo miezi tisa na hakuna aliyeinunua."

Wote wawili walikuwa sahihi juu ya kosa la mwenzake. Bei ya tangazo ni matumaini ya muuzaji. Inakuwa ushahidi pale tu mnunuzi anapolipa, na mara nyingi analipa pungufu. Bei ya mnada wa kufidia deni nayo ni ya mtu asiye na nafasi ya kusubiri, na wanaofika kuzabuni ni wale waliopata habari na wenye fedha mkononi siku hiyo. Viwango vya Kimataifa vya Uthamini vinaieleza thamani ya soko kuwa kiasi kinachokadiriwa kulipwa siku ya uthamini baina ya mnunuzi na muuzaji wanaotaka kufanya biashara kwa hiari, wasio na uhusiano unaoathiri bei, baada ya mali kutangazwa ipasavyo, kila upande ukijua unachofanya na bila kulazimishwa. Ipitishe namba ya kaka kwenye maelezo hayo: hakuna aliyelipa. Ya dada: muuzaji alilazimishwa. Zote mbili zinaanguka, na hakuna kati yao aliyeshindwa na mwenzake. Mtu hulegeza msimamo mbele ya kipimo kwa urahisi kuliko mbele ya ndugu yake.

Hapo wengi hukurupuka kumwita mthamini. Sisi tuliwazuia kwanza. Ripoti ikitoka kabla watu hawajakubaliana itatumikaje, yule iliyemwangukia vibaya atatafuta dosari humo, na ataipata. Wakati hakuna anayejua namba itaegemea wapi, kila mmoja ana sababu ya kutaka kanuni ya haki. Kwa hiyo tuliandika barua moja ya maagizo kwa mthamini, wakaisaini wote. Ilikuwa nusu ukurasa, lakini iliwachukua jioni nzima.

Walianza na aina ya thamani: thamani ya soko, wala si ya mauzo ya haraka au gharama ya kujenga upya. Wakaja kwenye tarehe. Je, ni thamani ya siku mzazi alipofariki, au ya siku ya ukaguzi? Wakachagua siku ya ukaguzi, kwa kuwa tangu msiba hadi hapo wote walikuwa wamiliki na kupanda kwa soko ni haki ya wote. Ubishi mkali ulikuwa juu ya neno "nusu". Rafiki wa dada alimwambia kwamba nusu ya nyumba ya ubia haiuziki kwa nusu ya bei, na ni kweli: mgeni hanunui nusu ya sebule akakae na mtu asiyemjua, labda apunguziwe sana. Ila dada si mgeni. Akichukua nusu ya mdogo wake anabaki na nyumba nzima, anaweza kuiuza kesho kwa bei kamili. Barua ikasema: nusu ya thamani ya nyumba nzima, bila punguzo la ubia.

Malipo ya mthamini yalikuwa kiasi maalumu, nusu kwa nusu, wala si asilimia ya thamani. Anayelipwa kwa asilimia ana faida namba ikipanda, hata akiwa mwaminifu kiasi gani. Mawasiliano yote yangepita kwa barua pepe inayowafikia wote wawili, na ripoti ingetumwa kwao kwa pamoja.

Sharti la mwisho liliwashangaza: mthamini asiambiwe 120 wala 80. Sababu yake ina ushahidi. Mwaka 1987 watafiti Gregory Northcraft na Margaret Neale walichapisha jaribio walilofanya Tucson, Arizona. Madalali wa nyumba walipelekwa kukagua nyumba moja wakiwa na karatasi zenye maelezo yaleyale, isipokuwa bei aliyotaka muuzaji. Walioonyeshwa bei ya juu waliikadiria nyumba juu, walioonyeshwa ya chini wakaikadiria chini, na wachache tu ndio waliokiri kwamba bei ile iliwagusa. Hao walikuwa watu wa kazi hiyo. Namba ikishaingia kichwani haitoki, na sisi wathamini hatuna kinga.

Mthamini alikagua nyumba, akapima, kisha akatafuta mauzo yaliyokamilika ya nyumba zinazofanana. Alibaki na tatu. Ya kwanza iliuzwa mwezi uliotangulia kwa milioni 108, lakini kiwanja chake kilikuwa kikubwa kwa mita za mraba 200. Ardhi ya eneo hilo ilikuwa ikiuzwa kwa elfu 50 kila mita, kwa hiyo akaondoa 10, ikabaki 98. Ya pili iliuzwa kwa 90, ila miezi kumi na minne nyuma. Mauzo mengine yalionyesha soko limepanda kama asilimia 5 tangu hapo, akaongeza, ikawa 94.5. Ya tatu iliuzwa kwa 101 na ina ukuta wa uzio ambao hii haina. Ukuta huo aliupa 6, akaondoa, ikabaki 95. Ule mnada wa 75 aliutaja na kueleza kwa nini hakuutumia. Akahitimisha kwa 96.

Msomaji wa ripoti kama hiyo asikimbilie ukurasa wa mwisho. Atazame kwanza upana. Namba tatu zilizorekebishwa ziko kati ya 94.5 na 98, zimekaa karibu karibu. Zingekuwa 70, 95 na 130, basi nyumba hizo hazifanani kweli, au marekebisho yamebuniwa, na hiyo 96 ingekuwa wastani usio na mashiko. Dalili nyingine mbaya ni marekebisho yanayoelekea upande mmoja tu bila maelezo, na mauzo yasiyo na tarehe.

Barua yetu, lakini, ilikuwa na tundu. Dada alikuwa amebadilisha paa na kuchimba kisima kwa fedha yake, jumla milioni 13, na hatukuliandika hilo. Akataka 13 zitolewe kwenye 96 kabla ya kugawa. Kaka akaja juu: mbona umekaa bila kulipa kodi ya pango miaka minne? Tulirudi kwenye swali lilelile la kipimo. Mthamini akaulizwa nyumba ingekuwa na thamani gani bila paa jipya na kisima, akajibu 88. Matengenezo ya 13 yalikuwa yameongeza thamani ya 8 tu. Hilo ni jambo la kawaida, kwani mnunuzi hulipia faida anayoiona na hana habari na risiti za fundi. Nikamwuliza kaka: ungekuwa wewe ndiye uliyekaa humo ukaezeka paa, ungetaka dada yako agawane nawe ongezeko hilo? Akacheka kidogo, akakubali 8 ziondolewe. Dada naye akaacha kudai 13. Kodi ya pango walikubali ifutane na kodi ya ardhi na ukarabati mdogo aliokuwa akilipa dada peke yake. Nusu ya 88 ni 44.

Wasioaminiana kiasi cha kutumia mthamini mmoja huweka kila mmoja wake. Njia hiyo ina gharama, na ina mtego: wakijua mapema kwamba watachukua wastani, kila upande utatafuta mthamini wa kuvuta kamba kwake, na mnarudi kwenye kugawana tofauti, safari hii kwa karatasi zenye mhuri. Dawa ni kukubaliana kwamba ripoti zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, mthamini wa tatu, aliyechaguliwa na wale wawili, ataamua ipi kati ya hizo mbili iko karibu na ukweli, na hiyo hiyo itumike bila kuibadilisha. Ligi kuu ya besiboli ya Marekani inatumia utaratibu kama huo kwenye mishahara ya wachezaji tangu 1974. Aliyetia chumvi sana anajihatarisha kupoteza kila kitu, hivyo namba zenyewe husogeleana kabla hazijafika kwa mwamuzi.

Kwa bidhaa zenye bei inayotangazwa, kama nafaka au madini, kazi ni nyepesi zaidi: inatosha kuandika ni bei ya soko lipi, daraja lipi la ubora, siku ipi, na usafiri ni juu ya nani. Mambo huwa magumu pale ambapo hakuna mauzo ya kulinganisha, kama hisa za kampuni ndogo ya watu wawili. Huko mthamini hutegemea makisio ya mapato ya mbele, na makisio yakibadilika kidogo thamani hubadilika sana. Basi afadhali mbishanie makisio, moja moja, kuliko namba ya mwisho.

Kipimo, hata hivyo, hakitengenezi fedha. Dada alikuwa na 30 mkononi, na zile 14 zilizobaki zilihitaji muda. Kaka aliogopa kwamba bei ikipanda atakuwa ameuza rahisi. Wakaandika kwamba salio likichelewa zaidi ya miezi kumi na miwili, mthamini yuleyule atarudi na sehemu isiyolipwa itahesabiwa kwa thamani mpya, ikiwa imepanda au imeshuka. Dada alimaliza kulipa ndani ya miezi tisa.