Rafiki akikwambia amebakwa: maneno ya kwanza na saa 72 za mwanzo

Ni wachache wanaoanza kwa kulitaja jambo lenyewe. Wengi huzungukazunguka: "Kuna kitu kilinipata juzi," au "Nilifanya ujinga, nikaenda kwake." Mwingine huuliza tu vidonge vya P2 vya kuzuia mimba huuzwa wapi, akishauliza ananyamaza. Hapo anakupima. Ukishtuka kwa sauti au ukianza kuhoji, atabadilisha mazungumzo, na huenda asimwambie mtu mwingine tena.

Kwa hiyo sema machache. "Pole sana. Nakuamini. Kosa si lako." Kisha nyamaza umsikilize. Kabla ya kumkumbatia au kumshika mkono, muulize kama anataka, kwa kuwa mwili wake umetoka kuguswa bila ridhaa yake. Maswali ya lazima wakati huo ni matatu tu: yuko salama pale alipo, ameumia wapi, na lilitokea lini. Hilo la tatu lina uzito kwa sababu dawa zina muda wake.

Maswali yanayoanza na "mbona" yaache kabisa. "Mbona hukupiga kelele?" ndilo linaloulizwa zaidi, na ndilo linaloonyesha muulizaji hajui hofu hufanya nini mwilini. Mtu akizidiwa na hofu, mara nyingi mwili huganda: sauti haitoki, viungo havimtii. Hilo halimaanishi alikubali. "Mbona ulienda kwake?" na "Ulikuwa umevaa nini?" humfanya yeye ndiye mshtakiwa. "Una hakika lakini? Yule kijana tunamjua," humwambia kwamba unamwamini yule mwingine zaidi.

Yapo pia maneno mabaya yanayosemwa kwa nia njema. "Shukuru Mungu uko hai" na "Msamehe, yaishe" humfunga mdomo. "Tuifiche aibu hii" humbebesha yeye aibu ya aliyemtenda. Na "Nitamfuata nimmalize" humlazimu yeye akutulize wewe, na sasa ana jambo la pili la kuogopa.

Usishangae pia hadithi ikija vipande vipande, au akikumbuka rangi ya pazia lakini asikumbuke nini kilitangulia nini. Kumbukumbu za tukio la kutisha mara nyingi huja hivyo. Usimsaidie kuziba mapengo kwa kukisia. Kesi ikifika mahakamani, huenda ukaitwa kueleza alichokwambia, na utatakiwa kusema ulichosikia, si ulichounganisha mwenyewe.

Tuchukue mfano wa Mombasa. Msichana wa miaka 24 amebakwa Jumamosi saa nne usiku, na anamwambia rafiki yake Jumapili magharibi. Muda ungalipo. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU, yaani PEP, lazima zianze ndani ya saa 72, kwake ikiwa ni kabla ya Jumanne saa nne usiku. Saa 72 ni mwisho wa muda, si miadi ya kungojea, kwa sababu kila saa inayopita hupunguza nguvu ya dawa. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba hutolewa hadi saa 120, yaani hadi Alhamisi saa nne usiku, navyo pia hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Akitapika ndani ya saa mbili baada ya kuvimeza, dozi inarudiwa.

Rafiki anaweza kumwambia hivi: "Hospitali kuna dawa za kukukinga, na ni bora uzipate usiku huu. Hata kama hutaki kwenda polisi, utatibiwa. Ungependa twende pamoja?" Nchini Kenya ni kweli: matibabu ya manusura katika hospitali za umma ni ya bure, na hayasubiri ripoti ya polisi. Hospitali Kuu ya Pwani hapo Mombasa ina kituo cha kuhudumia manusura wa dhuluma za kijinsia. Aliye mbali anaweza kupiga 1195 bila malipo, mchana au usiku, akaelekezwa.

Kikwazo cha kwanza mara nyingi ni maji. Karibu kila mtu hutamani kuoga mara moja, na huku Pwani wengi hutaka kuoga janaba ili wapate kuswali. Mweleze kwa upole kwamba akiweza kungoja hadi apimwe, ushahidi ulio mwilini utabaki, na baada ya hapo ataoga. Nguo za usiku ule zisifuliwe. Kila moja itiwe peke yake katika mfuko wa karatasi, kwa kuwa plastiki huhifadhi unyevu, na unyevu huotesha ukungu unaoharibu ushahidi. Kama ameshaoga na kufua, usimlaumu hata kwa uso. Dawa bado zinamsubiri, majeraha bado yanaonekana, na daktari bado anaweza kuandika alichokiona.

Kilichoandikwa hospitalini huingia katika fomu ya PRC, yaani fomu ya huduma baada ya kubakwa, na yeye ana haki ya kupata nakala yake. Mkumbushe aiombe kabla ya kuondoka na aitunze mahali ambapo watu wa nyumbani hawafiki. Akiamua kushtaki wiki mbili baadaye, fomu hiyo itakuwa tayari. Jumbe za simu kutoka kwa aliyemtenda zisifutwe, hata zile za kuomba radhi. Hizo hasa.

Jambo moja halipaswi kungoja uamuzi wowote. Kama alikabwa shingo, hata pasipo alama, na sasa sauti imekauka, anameza kwa shida au kichwa kinamgonga, nendeni hospitali papo hapo. Madhara ya kukabwa yanaweza kujitokeza saa nyingi baadaye. Damu nyingi ni vivyo hivyo. Na akisema hataki kuishi, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimtii wazo kichwani. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake hadi apate mhudumu.

Kwenda polisi ni uamuzi wake akiwa mtu mzima. Unaweza kumwambia kwamba vituo vingi vina dawati la jinsia na kwamba utaandamana naye, kisha umwachie. Kumburura kituoni ni kumnyang'anya uamuzi kwa mara ya pili. Aliye chini ya miaka 18 ni suala jingine: hiyo si siri ya kutunza kati yenu, na simu ya watoto ni 116.

Baada ya wiki ya kwanza marafiki hupungua, na PEP ndiyo kwanza imeanza. Humezwa kila siku kwa siku 28, na wengi huiacha katikati kwa sababu ya kichefuchefu, au kwa sababu kila kidonge kinawakumbusha usiku ule. Hapa rafiki ana kazi ya kweli. Mnaweza kukubaliana saa moja ya kila siku umtumie ujumbe wa kawaida usiotaja dawa, maana simu yake huenda inasomwa na wengine. Kumeza pamoja na chakula huwasaidia baadhi ya watu, na kichefuchefu kikizidi arudi kliniki kabla ya kuacha. Vipimo vya VVU hurudiwa baada ya wiki 6 na miezi 3. Muulize kama angependa umsindikize.

Watu wakiuliza kwa nini haonekani, kubalianeni mapema jibu moja fupi, mfano "anaumwa kidogo". Ukihisi unahitaji kuongea na mtu kwa sababu jambo lenyewe linakulemea, zungumza na mshauri nasaha, hata huyo wa 1195, bila kumtaja jina. Usimwambie mume wako wala mama yake kabla yeye mwenyewe hajaruhusu.