Njia ya Marangu: dhana potofu kuhusu umbali wa siku na siku ya kupumzika

Dhana potofu: Mtu aliyezoea kutembea kilomita 20 kwa siku anaweza kuunganisha siku mbili za kwanza za Kilimanjaro kuwa moja.

Ukweli: Kutoka lango la Marangu hadi vibanda vya Mandara ni kama kilomita 8, na kutoka hapo hadi Horombo ni kama 12, kwa hiyo miguu iliyozoea inaweza kumaliza safari hiyo kwa siku moja. Lakini katika mlima huu kinachopima siku ni kimo utakacholala, wala si umbali uliotembea. Mandara iko takriban mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, Horombo 3,700 na Kibo 4,700, ambako kila pumzi huingiza hewa ya oksijeni inayozidi kidogo tu nusu ya ile ya pwani. Kanuni ya tahadhari ni kwamba, ukishavuka mita 3,000, kimo cha kulala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa usiku mmoja. Vibanda vya Marangu vimepishana kwa mita 1,000, hivyo hata mpango wa kawaida tayari unaubana mwili.

Dhana potofu: Siku ya ziada Horombo ni ya wavivu, na wanaoichukua hukaa kitandani.

Ukweli: Siku hiyo ndiyo inayofidia pengo nililolitaja, na kwa maoni yangu yeyote anayeifuta ili kuokoa ada ya siku moja anapunguza mahali pasipofaa. Asubuhi mnapanda polepole hadi Mawe ya Pundamilia, miamba yenye mistari myeusi na myeupe iliyo karibu na mita 4,000, mnakaa kidogo, kisha mnarudi kula na kulala palepale Horombo. Mwili huonja kimo kikubwa zaidi mchana, halafu usiku hupata nafuu chini. Siku ya nne mnakwenda Kibo, kama kilomita 10, na mnafika mapema ili mlale kidogo, kwa sababu karibu na saa sita usiku mnaanza kupanda kuelekea kilele cha Uhuru, mita 5,895, na mchana huohuo mnashuka hadi Horombo.

Dhana potofu: Kijana mwenye mazoezi haugui ugonjwa wa kimo.

Ukweli: Mazoezi hayamkingi mtu, na kijana mwenye nguvu huumia kwa sababu huenda haraka. Kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa hamu ya kula ni dalili za kutosha kuacha kupanda. Mwenye dalili hizo mwambie atembee kwenye mstari mnyoofu, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akipepesuka, au akihema hali ameketi, ateremshwe mara moja hata kama ni usiku, na asiachwe ateremke peke yake.