Tasnifu ya pande mbili: pambizo, nafasi ya kujalidi na sura zinazoanzia kulia

Hivi karibuni nililetewa tasnifu ya uzamili yenye kurasa 180, iliyokwisha kujalidiwa kwa jalada gumu. Kurasa za kulia zilikuwa na nafasi ya kutosha upande wa mgongo, lakini katika kurasa za kushoto herufi za mwisho za kila mstari zilizama kwenye mkunjo, hata msomaji alilazimika kukibana kitabu kwa viganja viwili ili azione.

Mwanafunzi hakuwa amekiuka mwongozo wa chuo chake. Mwongozo ulitaka pambizo ya kushoto iwe sentimita 4 na ya kulia 2.5, kipimo kinachofaa pale karatasi inapochapwa upande mmoja tu, kwa kuwa mgongo hubaki kushoto daima. Ukichapa pande mbili, mgongo huwa kushoto mwa kurasa za namba witiri na kulia mwa kurasa za namba shufwa, kwa hiyo zile sentimita 4 huhamia ukingo wa nje, na 2.5 ndizo zinazoingia kwenye mshono. Fundi aliyejalidi kazi hii alitoboa na kushona kwa uzi milimita 8 hivi kutoka ukingoni, na karatasi iliyoshonwa hivyo haifunguki kupita mstari wa uzi. Ukiongeza mpindo wa karatasi, nafasi iliyobaki ilimezwa na mkunjo.

Katika Word, dawa iko kwenye Layout, kisha Margins na Custom Margins. Kwenye kisanduku cha Multiple pages chagua Mirror margins, na hapo hapo Left na Right zitageuka kuwa Inside na Outside. Kwa tasnifu hii niliweka Inside 3, Outside 2.5 na Gutter 1, kisha kwenye Apply to nikachagua Whole document, kwa sababu bila hivyo badiliko hugusa sehemu ile tu ambamo kishale kimesimama. Gutter ni nafasi ya kujalidi, nayo hujumlishwa na Inside. Ndani tunapata 4 zilezile za mwongozo, na upana wa maandishi kwenye karatasi ya A4 unabaki sentimita 14.5 kama mwanzo, hivyo mistari haihami. Wengi huacha Inside 4 kisha wakaongeza Gutter 1. Upana unashuka hadi 13.5, na kazi ya kurasa 180 inaweza kurefuka kwa kurasa 13 hivi, huku namba za yaliyomo zikiwa hazilingani tena na kurasa.

Suala la sura ni gumu kidogo. Sura ikitakiwa ianzie kulia, maana yake ni kwamba ianzie kwenye namba witiri, na mtu anayebonyeza Enter mara nyingi ili kuisukuma atairudia kazi hiyo kila msimamizi anapoongeza aya. Weka kishale mwishoni mwa sura iliyotangulia, fungua Layout, Breaks, kisha chagua Odd Page. Sura ya pili ya mwanafunzi huyu iliishia ukurasa wa 37. Word ikaanzisha sura ya tatu kwenye 39, na 38 ikaachwa tupu. Ukurasa huo mtupu hauonekani unapoandika, unaona tu namba zikiruka, na nimeshuhudia watu wakidhani ni hitilafu wakaifuta alama ya Odd Page. Hata kurasa za mwanzo zenye namba za Kirumi zikiishia xi na sura ya kwanza ikaanzia 1, Word yenyewe huongeza ukurasa mtupu katikati, maana namba mbili witiri haziwezi kufuatana kwenye karatasi moja.

Kwa hiyo hakiki kwenye PDF, usihakiki kwenye Word. Nenda kwenye ukurasa wa kwanza wa kila sura, utazame hesabu ya programu yenyewe ya kusomea PDF badala ya namba iliyochapwa chini ya ukurasa: lazima iwe witiri. Katika mfano wa xi, sura ya kwanza itakuwa ukurasa wa 13 wa faili.

Steshenari, omba Actual size, kwa sababu Fit huzipunguza kurasa na kuharibu vipimo vyote, na omba Flip on long edge. Chapisha kwanza karatasi mbili, uinue moja kwenye mwanga wa dirisha: kingo za maandishi ya mbele na ya nyuma zinapaswa kulaliana. Mwambie pia mhudumu asiondoe kurasa tupu. Mmoja aliwahi kuniondolea sita kwa nia njema ya kunipunguzia gharama, na baada ya ukurasa mtupu wa kwanza sura iliyofuata ikageuka upande.