Chembe nyeupe zimepanda, lakini si "bakteria kwenye damu"

"Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka miwili, mwili unachemka tangu juzi. Malaria hana, ila chembe nyeupe ni 16.2 na mashine imeweka H. Nimeambiwa ana bakteria kwenye damu, achomwe sindano siku tano. Kwa nini zimepanda?"

Marahaba, mama. Ujumbe wako umetoka Nkuhungu, lakini maneno hayo ya "bakteria kwenye damu" nayasikia Dodoma nzima, na yananichosha. Kipimo cha damu cha FBP alichopimwa huhesabu chembe tu, hakioni bakteria. Anayetaka kujua kama bakteria wamo ndani ya damu huotesha damu maabara na kusubiri siku kadhaa.

Chembe nyeupe ni askari wa mwili. Nyingi hukaa akiba kwenye uboho wa mifupa, na nyingine hujibanza kwenye kuta za mishipa ya damu. Homa ikiingia, mwili hutoa nyingi za akiba kwa pamoja, hata kama kilicholeta homa ni kirusi cha mafua. Mtoto akilia na kupambana wakati wa kutolewa damu, zile za kwenye kuta nazo hubanduka, hesabu ikapanda zaidi.

Halafu hiyo H, alama ya kwamba namba imezidi kiwango. Mashine nyingi zimewekewa viwango vya mtu mzima, takriban 4 hadi 11. Mtoto wa miaka miwili mwenye afya anaweza kufika hata 17. Kwa hiyo 16.2 ya mwanao kwa umri wake wala haijapanda! Ukipewa majibu, uliza kwanza: hiki ni kiwango cha mtoto au cha mtu mzima?

Nilimwomba mama amtazame mtoto badala ya karatasi. Ana mafua na kikohozi, homa ikishuka anacheza, anakunywa uji. Akiwa ametulia, alihesabu pumzi kwa dakika nzima: 34. Kwa umri wake, kuanzia 40 ningehofia nimonia, na hapo dawa ya bakteria ingekuwa na kazi. Koo, masikio na mkojo vilipimwa, havikuwa na tatizo. Sindano hazikuhitajika. Homa iliisha siku ya nne.

Lakini namba nzuri nayo isikulaze usingizi. Mtoto akipata degedege, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akilegea au akihema kwa shida, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, hata kama chembe nyeupe ni 8.

Wengine huuliza kama ni kansa ya damu. Kwa mtoto huyu hemoglobini ilikuwa 11.6 na chembe sahani 310, zote nzuri. Kansa ya damu kwa kawaida huvuruga na hizo pia: mtoto hupauka, huvia damu bila kugongwa, homa hudumu wiki kadhaa.

Na kurudia FBP kila asubuhi? Hapana. Mtoto akishapona, hatumtoboi tena.