Eskro na awamu za malipo: muuzaji analipwa lini hasa?

Eskro ni amana. Mnunuzi anatoa fedha kabla kazi haijaanza, na soko la mtandaoni au kampuni ya malipo linazishika mpaka sharti mlilokubaliana litimie. Mnunuzi hawezi kuzichukua apendavyo, na wewe muuzaji bado hujalipwa. Skrini ikiandika `Funded`, fedha zimewekwa. Zinahesabika kuwa zako zikifika `Released`, yaani zimeachiliwa.

Kinachoamua safari hiyo ni kifungu kama hiki: “Fedha za kila awamu zitaachiliwa mnunuzi atakapoikubali kazi, au siku 7 baada ya kuwasilishwa endapo hatajibu.”

Neno la kwanza la kulichunguza ni *kuikubali*. Kukubali si kupokea. Mnunuzi anaweza kuwa na faili lako, hata akaanza kulitumia, na fedha zikabaki palepale kwa sababu hajabonyeza kitufe cha kuidhinisha. Hapo ndipo zile siku 7 zinapokuokoa: ukimya wake unahesabiwa kuwa kibali. Mkataba usiokuwa na kipande hicho unamruhusu anyamaze bila kikomo, na mimi nisingeanza kazi kabla hakijaongezwa.

Neno la pili ni *kuwasilishwa*. Kwa kawaida maana yake ni kutuma kazi kupitia kitufe cha kuwasilisha kilicho kwenye awamu yenyewe. Ukiituma kwa barua pepe au kwenye gumzo, siku hazianzi kuhesabiwa.

Tuseme kazi ni ya dola 900, awamu tatu za 300, na soko linakata asilimia 10. Unawasilisha awamu ya kwanza tarehe 3. Tarehe 8 mnunuzi anaomba marekebisho. Hapo hesabu inasimama, na katika mikataba mingi inaanza upya ukiwasilisha tena. Ukirudisha kazi tarehe 10 naye akanyamaza, fedha zinaachiliwa tarehe 17, na utapata 270 baada ya makato. Akiomba marekebisho tena tarehe 16, unarudi mwanzo. Kwa hiyo idadi ya marekebisho iandikwe, kwa mfano mawili kwa kila awamu, pamoja na kipimo cha kazi iliyokamilika: “kurasa 5, zinazofunguka kwenye simu” kinapimika, “tovuti nzuri” hakipimiki, na mkigombana msuluhishi hana cha kushika.

Kosa linaloumiza wengi lipo kwenye awamu ya pili. Mkataba unataja dola 900, lakini mara nyingi mnunuzi ameweka 300 za mwanzo tu. Awamu ya kwanza ikilipwa, muuzaji anaendelea na ya pili kwa mazoea, kumbe haina hata senti ndani ya amana. Mnunuzi akitoweka, soko halina fedha za kukupa. Kabla ya kugusa awamu inayofuata, fungua ukurasa wake uone kama imeandikwa `Funded`.