Kidoa chenye mduara mweupe: anza kukagua kilicho katikati

Swali hili huja zaidi kutoka kwa wazazi. Kijana wa miaka kumi na kitu ana kidoa cheusi mgongoni, kipo tangu utotoni na hakuna aliyekijali. Sasa ngozi inayokizunguka imepauka pande zote hadi kikawa kimekaa katikati ya mduara mweupe. Hakiwashi, hakiumi. Je, ni saratani?

Kwa kijana wa umri huo, kidoa kikiwa kidogo, chenye rangi moja na kingo laini, karibu kila mara jibu ni hapana. Mtu wa miaka 50 anayepata mduara kama huo kwa mara ya kwanza hatapewa jibu hilo hapohapo. Ataambiwa avue nguo akaguliwe mwili mzima. Weupe wa mduara unaweza kufanana kabisa kwa wote wawili. Kinachotofautiana ni umri, umbo la mduara, na zaidi ya vyote sura ya kidoa chenyewe.

Kidoa ni mkusanyiko wa chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya ngozi. Kwa sababu ambazo mara nyingi hazionekani wazi, kinga ya mwili huanza kuzichukulia chembe hizo kama adui. Limfosaiti, zile chembe nyeupe za damu zenye kazi ya kuua, hujazana ndani na kuzunguka kidoa na kuanza kuzimaliza. Chembe za rangi zilizo kwenye ngozi ya jirani zina alama zilezile za utambulisho, kwa hiyo nazo huumia. Ngozi hiyo ikikosa chembe za kuipa rangi, huwa nyeupe. Daktari wa Marekani, Richard Sutton, alieleza hali hii mwaka 1916, na hadi leo vitabu vya tiba huiita pia kwa jina lake.

Hapa ndipo watu wengi hujikwaa. Kinga ya mwili hushambulia vidoa visivyo na madhara, lakini hushambulia melanoma pia, ambayo ni saratani ya chembe hizohizo za rangi. Kwa hiyo mduara unakuambia tu kwamba kuna mapambano; hausemi anayepigwa ni nani. Anayetazama mduara peke yake, akatulia au akaogopa kwa sababu yake, bado hajakagua chochote.

Chukua mfano wa msichana wa miaka 14. Kidoa chake kiko kati ya mabega, kina upana wa milimita 5, ni cha kahawia sawasawa, na ukikigawa katikati kwa jicho nusu zote mbili zinafanana. Mduara una upana wa milimita 4 kila upande. Hakuna mtu katika familia yake aliyewahi kuugua melanoma. Huyu hahitaji kukatwa. Anahitaji kukaguliwa mara moja na daktari wa ngozi kwa dematoskopu, ile lenzi yenye taa inayoonyesha mpangilio wa rangi ndani ya ngozi, kisha apigwe picha za kulinganisha.

Baada ya miezi 3, kidoa bado kina milimita 5 lakini kahawia yake imefifia, na mduara umefika milimita 5. Mama anaona mduara umepanuka, anaingiwa na hofu. Hapana sababu: mduara kupanuka polepole na kwa usawa ni sehemu ya safari ya kawaida. Miezi 6 baadaye kidoa kimeshuka hadi milimita 4 na kimekuwa cha waridi, kwa sababu melanini imekwisha na chembe zilizobaki hazina rangi. Baada ya mwaka na zaidi kidoa hakionekani tena, limebaki doa jeupe tupu. Baadaye sana rangi huanza kurudi. Si kila kidoa hufika mwisho wa njia hii. Kuna vinavyosimama katikati, na safari nzima inaweza kuchukua miaka kadhaa, hata kumi. La kushika ni mwelekeo: katikati kunapungua, kunafifia, na kunafanya hivyo kwa usawa.

Picha zisizolingana hazina faida. Weka rula yenye milimita kando ya kidoa, bila kukifunika. Simama karibu na dirisha mchana na usitumie mwanga wa simu, maana unachoma weupe na kuficha kingo. Shika simu ikitazama ngozi moja kwa moja, isiegemee upande, umbali wa sentimita 15 hadi 20. Piga nyingine ya mbali inayoonyesha kidoa kiko wapi mwilini, hasa kama kuna vidoa vingine, kwa sababu baada ya miezi 3 hutakumbuka ni kipi. Andika vipimo viwili kando: upana wa kidoa na upana wa mduara. Ukipima vyote kwa pamoja utaona namba inaongezeka tu, utadhani kidoa kinakua kumbe kinayeyuka.

Vidoa vya aina hii mara nyingi huwa zaidi ya kimoja. Kijana akiwa na vitatu au vinne mgongoni, hali inabaki ileile, ila inafaa kutazama kama ana mabaka meupe mahali pasipo na kidoa, au kishungi cha nywele nyeupe, kwa sababu baadhi yao hupata pia vitiligo, yaani mbalanga. Vitiligo si saratani wala haiambukizi, lakini matibabu yake huleta matokeo mazuri zaidi yakianza mapema.

Sasa mfano wa pili. Mwanamume wa miaka 52, kidoa kwenye bega, milimita 8. Upande mmoja ni cha kahawia, upande wa pili cheusi sana, na ukingo wake una meno. Weupe upo, lakini ni mpana upande wa juu na chini haupo kabisa. Kila alama hapa inasema usisubiri miezi 3. Mduara wa kawaida huwa duara kweli, au yai, na kidoa hukaa katikati yake. Weupe ulioegemea upande mmoja, au uliokatika, unaashiria kwamba shambulio halikuwa la usawa, na hilo hutokea zaidi pale chembe zenyewe zisipofanana.

Alama ya hatari zaidi kwa maoni yangu ni ile ambayo watu huipuuza: weupe ulio ndani ya kidoa badala ya kukizunguka. Sehemu ya kidoa imepauka kama kovu, na kwenye dematoskopu panaonekana nukta za kijivu zenye ubluu, kana kwamba mtu amenyunyizia pilipili manga. Hiyo ni melanini iliyomwagika na kumezwa na chembe za usafi. Mgonjwa husema kwa furaha kwamba "kinapotea", lakini melanoma nayo inaweza kupotea sehemu moja huku ikiendelea kuchimba sehemu nyingine.

Ongeza hapo kidoa kinachotoa damu bila kukwaruzwa, kinachopata kidonda kisichopona kwa wiki kadhaa, kinachoinuka na kuwa kigumu, au kinachozidi kuwa cheusi badala ya kufifia. Lolote kati ya hayo linatosha kumwona daktari wa ngozi haraka, hata kwa kijana. Na mtu aliyevuka miaka 40 hivi akipata mduara kwa mara ya kwanza, hasa vikitokea kadhaa kwa mpigo, akaguliwe ngozi yote kuanzia kichwani ndani ya nywele hadi kati ya vidole vya miguu, pamoja na kucha, mdomo, sehemu za siri, macho na tezi za kwapani na kinenani. Sababu ni kwamba kinga inaweza kuwa imeamshwa na melanoma iliyoko kwingine, na vidoa hivi visivyo na hatia vikapigwa pamoja nayo. Haitokei mara nyingi, lakini ukaguzi huo ni wa dakika chache na haumkati mtu. Wanaotumia dawa za saratani zinazoamsha kinga wanaweza kupata miduara hii kutokana na dawa. Wamwambie daktari anayewatibu.

Kwenye ngozi nyeusi mduara huonekana wazi sana, na hofu huwa kubwa kuliko hali yenyewe. Melanoma kwa watu wenye ngozi nyeusi hupendelea nyayo, viganja na chini ya kucha. Ukimkagua mtu mgongo kwa sababu ya mduara mweupe ukamruhusu aondoke na soksi miguuni, umefanya nusu ya kazi.

Ikibidi kukata, kidoa kikatwe kizima pamoja na ukingo mwembamba wa ngozi, kama milimita 2. Kukiparura juujuu kunaweza kuacha mzizi chini, na kama ni melanoma, kina chake ndicho kinachoamua matibabu. Ukishakikata vipande huwezi tena kukipima. Kukichoma kwa asidi, dawa za mitishamba au leza ni vibaya zaidi, maana kinachotoka hakiendi maabara.

Fomu ya maabara nayo ina uzito ambao wengi hawaujui. Kidoa kilichojaa limfosaiti, chembe zake zikiwa zimevurugwa na shambulio, chini ya hadubini kinaweza kufanana na melanoma. Anayesoma kipande akiwa hajui kwamba kulikuwa na mduara anaweza kukosea. Kwa hiyo fomu iseme wazi: umri, mahali, muda tangu mduara uonekane, upana wake, na kama una usawa pande zote. Picha ikiambatanishwa, bora zaidi. Mgonjwa ana haki ya kuuliza kama hilo limeandikwa.

Kukata kidoa kwa ajili ya kuondoa weupe tu hakushauriwi. Hakuna uhakika kwamba rangi itarudi, na kwa wenye ngozi inayotengeneza keloidi unaweza kubadilisha doa lisilo na madhara kwa kovu linalovimba. Kinachohitajika ni kinga ya jua: ngozi nyeupe haina melanini, hivyo huungua upesi kuliko ile ya jirani. Nguo inayofunika inatosha. Pasipofunikika, tumia losheni ya SPF 30 au zaidi na uipake tena kila baada ya saa 2 ukiwa juani.

Rangi inaporudi, kwa kawaida huanza kama vitone kuzunguka vinyweleo au husogea kutoka ukingoni kuingia ndani, hadi doa lijifiche kabisa. Kikiibuka kitone kimoja cheusi ndani ya doa lililokuwa tupu, na kikaendelea kukua peke yake, kirudishwe kwa daktari kikiwa na picha zote za awali.