Siku sitini (90): karani na ukurasa wa tisa

Karani wa ofisi yetu, kijana aliyekuwa na miezi michache tu kazini, alipewa kazi iliyoonekana ndogo: kuandika kwenye kalenda tarehe ya mwisho ya kulipa ankara ambayo mteja wetu, mnunuzi wa mitambo, aliipokea tarehe 3 Machi. Alifungua mkataba ukurasa wa tisa, akaweka rula chini ya kifungu cha 8.2, akasoma kwa sauti: "Mnunuzi atalipa ndani ya siku sitini (90) tangu kupokea ankara." Akanyamaza, kisha akaniuliza, "Wakili, nihesabu zipi?" Maneno yalimfikisha 2 Mei, tarakimu zikamfikisha 1 Juni, na katikati kulikuwa na riba ya ucheleweshaji ya takriban mwezi mzima. Pande zote mbili zilikuwa zimekwisha kutia saini.

Kanuni tunayoanza nayo ni kwamba maneno hushinda tarakimu, kwa kuwa mkono huteleza kwa urahisi zaidi katika tarakimu kuliko katika neno zima. Hata hivyo kanuni hiyo husaidia tu kukisia nia ya wahusika, nayo huanguka pale sehemu nyingine za mkataba zinapoonyesha vinginevyo. Kwa hiyo nilimrudisha karani mwanzo wa mkataba, asome vifungu vyote. Alirudi na kifungu cha 11: dhamana ya benki aliyopewa muuzaji ilikuwa inakwisha siku 75 baada ya ankara kupokelewa. Ni vigumu kuamini kwamba muuzaji alikubali dhamana inayokufa kabla deni halijaiva, hivyo sitini ilipata nguvu.

Baadaye alichimbua rasimu za zamani. Ya pili ilisema "tisini (90)", na ya tatu "sitini (90)". Mtu alibadilisha neno akasahau mabano. Ushahidi huo una mipaka yake, kwa sababu mahakama nyingi zinazofuata mfumo wa sheria ya Kiingereza hazitumii majadiliano ya awali kutafsiri maneno ya mkataba, ingawa huyapokea pale mtu anapoomba hati yenyewe isahihishwe.

Karani alikuwa tayari ameshika kalamu ili akate ile 90. Nilimzuia, maana upande mmoja ukibadilisha jambo la msingi katika hati iliyosainiwa, bila idhini ya mwenzake, unaweza kupoteza haki ya kuutegemea mkataba huo. Tulimshauri mteja alipe kabla ya 2 Mei, tarehe iliyo salama kwa tafsiri zote mbili, na tukamwandikia muuzaji kupendekeza hati ya marekebisho. Karani ndiye aliyeiandika rasimu yake, sentensi moja: "Katika kifungu cha 8.2, tarakimu '90' inafutwa na nafasi yake kuchukuliwa na '60', kuanzia tarehe ya mkataba." Waliotia saini mkataba ndio waliotia saini hati hiyo.